Kadi Nyekundu Mlangoni kwa Yaya

Ukimwona Ndahiro anaingia kwako kunywa chai, jua kwamba kabla hajakuuliza habari za watoto ameshazipitia kuta zako zote. Anasalimia huku jicho liko kwenye kona ya dirisha. Anapokea kikombe huku sikio linasikiliza kama mlango unafunga vizuri au unakwaruza. Mkewe, Gatesi, alishamwambia mara nyingi kwamba hiyo ni aibu, kwamba mtu hukaribishwa akae, hakaribishwi akague. Ndahiro hucheka, hukaa, halafu macho yanapanda tena darini. Watu wa Mbugangari, mtaa wake hapa Gisenyi, wamemzoea, na wanaomtania husema akifa azikwe na timazi lake mkononi, asije akalalamika kwamba kaburi limeenda upande.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Masisi ya Kongo, kwenye baridi na ng'ombe, mtoto wa mwisho wa mama ambaye sura yake haikumbuki. Aliyembeba mgongoni ni dada yake mkubwa, Mukantwari. Huko dada mkubwa wanamwita yaya, basi kwake Mukantwari alikuwa Yaya tangu alipojua kusema, na akabaki Yaya hata Ndahiro alipoota mvi. Walipohamia Gisenyi baada ya vita, Yaya alikuwa na mume mgonjwa, binti mchanga aitwaye Kayitesi, na huyu mdogo wake ambaye alikuwa hajui kitu ila kula. Kila asubuhi alivuka mpaka na beseni la nyanya kichwani kwenda kuuza Goma, na jioni alirudi na miguu imevimba. Ndahiro akaanza kubeba mawe kwa mafundi, akawa fundi mwenyewe, akarudi shule ya ufundi akiwa na ndevu, na sasa alikuwa mtaalamu wa majengo katika ofisi ya sekta, mwenye koti la kung'aa na kofia ngumu. Shule ile ililipwa na nyanya zile. Yeye hakuwahi kulisahau hilo, na Yaya hakuwahi kumkumbusha hata siku moja. Ndiyo maana mambo haya yanauma.

Mwaka huo ardhi ilitikisika. Watu wa Gisenyi si wageni wa kutikisika, maana mlima wa moto wanauona ukiwaka mwekundu usiku wa giza na wanaendelea kula mihogo yao. Lakini safari hii ilikuwa nyingine. Tetemeko lilikuja mchana, likatulia, likarudi kwa nguvu zaidi, halafu yakafuata madogo madogo siku baada ya siku mpaka watu wakaacha kulala ndani. Ufa ulipita katikati ya barabara ya lami, ukaingia kwenye viwanja vya watu, ukatokea upande wa pili. Kuta za mawe meusi ya mlima, ambazo watu walidhani hazina mchezo, ndizo zilizomwagika kwanza.

Wilaya ikaunda vikundi vya kukagua majengo kwa haraka. Kila kikundi watu wawili, na Ndahiro akapangwa na enjenia kijana kutoka Kigali, jina lake Mucyo. Mucyo alikulia Uganda, Kiswahili kinampiga chenga, lakini kazi yake aliijua na hakuwa na majivuno. Asubuhi wanapewa eneo, wanazunguka nyumba kwa nyumba, wanaangalia nje, na pakiwa pa kuingilika wanaangalia na ndani, halafu wanabandika kadi mlangoni. Kadi ya kijani maana yake hatukuona hatari mpya, unaweza kutumia nyumba. Kadi ya njano maana yake kuna mipaka, na mipaka yenyewe inaandikwa papo hapo: chumba kipi kinaingilika na kipi hakiingiliki, kwa muda gani, kwa kazi gani, na kulala marufuku. Kadi nyekundu maana yake usiingie, hata kuchukua sufuria.

Chini ya kila kadi kulikuwa na maneno ambayo Ndahiro aliyasoma kwa sauti mlangoni mwa kila mtu, akipenda asipende. Ukaguzi huu ni wa haraka, wa kuangalia kwa macho. Hatukubandua plasta, hatukuchimba msingi. Unahusu hali ya jengo kama lilivyoonekana siku hii. Likija tetemeko jingine kubwa, jengo likaguliwe upya. Kadi nyekundu si amri ya kubomoa, na kadi ya kijani si ahadi. Atakayebadilisha kadi ni mkaguzi peke yake, baada ya kuangalia tena.

Watu walisikiliza mpaka neno la rangi, wakaacha kusikiliza. Waliopewa kijani walishukuru Mungu na kurudisha magodoro ndani. Waliopewa nyekundu walianza kusema habari za mpira, kwamba wametolewa uwanjani bila kucheza rafu. Utani huo ulienea mjini kote, na siku za kwanza hata Ndahiro aliucheka.

Ilipofika zamu ya mtaa wa Yaya, Ndahiro alimwambia Mucyo mapema: hii nyumba ni ya dada yangu, mimi siwezi kuitia sahihi, amua wewe. Walikuwa wamekubaliana hivyo kwa nyumba za ndugu wote. Mucyo akasema sawa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na sebule, kuta za mawe kwa udongo wenye sima kidogo, bati juu. Haikuwa na shenaji, ule mkanda wa zege na nondo unaozungushwa juu ya kuta ili zishikane. Zamani hizo nani alikuwa na nondo? Yaya alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, kitenge kimefungwa kifuani, anawatazama wanavyozunguka nyumba yake. Mumewe alishafariki, Kayitesi alikuwa ameolewa Kanzenze, na yeye alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye kifua kibovu. Vyumba vya nyuma havikuwa na mjadala, ukuta wa kule ulikuwa umepasuka kwa mshazari kutoka dirisha mpaka chini. Mjadala ulikuwa sebule. Kwenye kona ya mbele, kuta mbili zilikuwa zimeanza kuachana kuanzia juu. Mucyo akaingiza kipimo kwenye ufa, akapanda ngazi kuangalia kama mbao za paa bado zimekalia ukuta, akashusha timazi. Ukuta ulikuwa umeinama kidogo. Mbao zilikuwa bado zimekaa.

Mucyo alishuka akasema anaona njano. Vyumba vya nyuma vifungwe kabisa, sebule iingiwe mchana, mtu mmoja au wawili, muda mfupi, kutoa vitu, kulala hapana. Alikuwa amekwisha kuchomoa kadi ya njano.

Hapo Ndahiro aligeuka kumtazama dada yake. Na nikwambie alichokiona, maana ndicho kilichomharibia maisha. Yaya alikuwa ameshasimama. Amesikia neno njano, hakuhitaji kusikia lingine. Alikuwa anakunja godoro lililokuwa limeanikwa kwenye waya, analikunja kwa goti, kama mtu anayejiandaa kwenda kulala kwake. Ndahiro alimjua Yaya. Mwanamke aliyevuka mpaka siku za risasi na beseni kichwani, umwambie aingie dakika chache atoke? Angeingia, angewasha jiko, angelala, na angekuambia usoni kwamba hakulala.

Akamvuta Mucyo pembeni. Akamwambia hakuna shenaji, ardhi bado inatikisika, ufa wa barabarani uko karibu, kona ikifunguka kidogo tu paa linakuja. Akamkumbusha kwamba mafunzo yalisema, ukiwa katikati ya rangi mbili chagua iliyo kali. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakuna hata moja alilotunga. Lakini hakusema kwamba anachokiona yeye si ukuta, ni godoro. Kadi huandikwa kwa ajili ya jengo, haiandikwi kwa ajili ya tabia ya mwenye jengo, na hilo Ndahiro alilijua kuliko mtu yeyote, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana wa vikundi vingine. Mucyo akamtazama mzee mwenye miaka mingi kazini, akarudisha ya njano mfukoni, akatoa nyekundu, akatia sahihi yake.

Yaya hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni, akaisoma kadi polepole kwa kidole, akamgeukia mdogo wake.

"We Ndahiro," alisema, "mi nimecheza vibaya wapi?"

Ndahiro akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. Akaanza kumsomea yale maneno ya chini, kwamba hii si amri ya kubomoa, kwamba itaangaliwa tena. Yaya akamwachia asome mpaka mwisho, halafu akaenda kukunjua godoro lake, akalirudisha kwenye waya.

Bila shaka alimchukua kwake. Usije ukadhani alimtupa. Lakini nyumba ya Ndahiro ilikuwa imejaa ndugu za Gatesi waliokimbia kutoka Busasamana, watu wanalala mpaka jikoni, na Yaya hakuwa mtu wa kulala kwa zamu. Alivumilia wiki kadhaa. Halafu asubuhi moja alifunga kitenge chake akarudi, akasema nyumba isiyo na mtu huibiwa mpaka milango. Kayitesi alikuja kutoka Kanzenze kumchukua, akamkatalia vilevile. Akajengewa kibanda cha shitingi, lile turubai jepesi la plastiki, kwenye pembe ya mbali ya kiwanja, nje ya utepe wa hatari uliozungushiwa nyumba, mahali ambapo ukuta hata ukianguka hautamfikia. Ndahiro mwenyewe ndiye aliyepima umbali. Kutoka kwenye kibanda aliweza kuuona mlango wake na ile kadi nyekundu, asubuhi mpaka jioni.

Na alitii! Hilo ndilo lililomshangaza Ndahiro. Siku zote zile, Yaya hakuvuka utepe hata mara moja. Majirani walimwona akisimama pale, mkono umeshika utepe, anatazama sebuleni kupitia dirisha lililopasuka, halafu anarudi kukaa. Alisema ni kadi ya Ndahiro, akiivunja yeye watu wengine watafanya nini. Ndahiro aliyasikia hayo akiwa njiani kwenda ofisini. Kumbe angepewa njano angeifuata njano.

Akaomba nyumba ikaguliwe upya. Alifuata utaratibu, aliandika, alipiga simu. Orodha ilikuwa ndefu, shule na zahanati zilikuwa mbele, na hilo alilielewa. Mucyo alikuwa ameshahamishiwa sehemu nyingine. Basi akasubiri, na alipokuwa akisubiri ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima.

Siku hiyo Ndahiro alikuwa Bugeshi kukagua nyumba za wakulima wa viazi. Mtaani kwa Yaya, mkuu wa mudugudu, kiongozi wa kijiji chao, aliuliza nani asaidiwe, na watu wote wakasema Mama Kayitesi. Fundi mwashi aitwaye Bizumuremyi, jirani yake wa miaka mingi, akaongoza. Walileta mchanga, walileta sima iliyobaki kwenye kazi zao, kila mtu na mwiko wake au mikono yake. Hawakuingia ndani, maana kadi inasema usiingie na wao si watu wa kuvunja sheria. Waliziba kutoka nje. Wakazijaza nyufa zote, wakapiga plasta kona, wakalainisha, wakamaliza na chokaa. Saa sita nyumba ilikuwa nyeupe kuliko ilivyokuwa siku ya harusi ya Kayitesi. Yaya aliwapikia chai. Wanasema alicheka siku hiyo, na kwamba alimwambia Bizumuremyi, sasa Ndahiro atakosa neno.

Ndahiro alirudi jioni akiwa na matope ya Bugeshi kwenye viatu, akasimama barabarani, akaiona nyumba inang'aa. Alishika kichwa. Bizumuremyi alikuwa bado pale, anaosha mwiko, anasubiri kupongezwa.

Atamwambia nini? Kwamba plasta haiongezi nguvu hata kidogo, inaficha tu? Kwamba ule ufa wa kona ndio uliokuwa shahidi pekee wa Yaya, na wao wamemziba mdomo kwa mapenzi yao yote? Kwamba mkaguzi asipoona hawezi kusema salama, na kwamba kila mwiko waliopiga ulikuwa unaisukuma ile njano mbali zaidi? Alimwambia asante. Bizumuremyi akasema hakuna shida, shefu, Yaya ni mama wetu.

Enjenia wa ukaguzi wa kina alikuja mvua zikiwa zimeshaanza. Aliitwa Cyiza, mtu mzima, mtulivu, asiyependa maneno mengi. Ndahiro alimweleza kila kitu isipokuwa lile la godoro. Cyiza akazunguka nyumba, akapitisha kiganja kwenye kona iliyopakwa chokaa, akauliza nani amefanya hivi. Alipoambiwa, alitikisa kichwa. Akasema hawezi kupandisha rangi kwa ukuta asiouona. Ili aone, plasta ibanduliwe na kona ifunguliwe, na hilo halifanyiki kwenye nyumba ya kadi nyekundu kabla kuta hazijaegemezewa nguzo za mbao, na nguzo zote zilizokuwepo zilikuwa zinashikilia madarasa na wodi ya wazazi. Tutarudi, akasema. Ndahiro akauliza lini. Cyiza akamtazama usoni, akasema bon, haya, wewe mwenyewe ni mtu wa kazi hii, unajua jibu.

Alikuwa analijua.

Mvua za Gisenyi hazina haraka. Zinaanza kwenye milima, zinashuka na baridi, zinakaa. Kibanda cha shitingi kilivuja kwenye kamba, chini kukawa tope, na moto wa makaa uliokuwa ukiwashwa ndani ulimwongezea Yaya moshi kwenye kifua kile kile kibovu. Ndahiro alikuja kila jioni kumwomba arudi kwake. Siku nyingine alimwomba kwa upole, siku nyingine alimfokea kama mtoto. Yaya alimjibu kwamba ameshazoea, kwamba nyumba yake iko pale inamwangalia, na kwamba siku kadi ikibadilika anataka awe wa kwanza kuingia. Alipoanza kukohoa damu walimpeleka hospitali kwa nguvu. Madaktari walifanya walichoweza. Nimonia, walisema, na mwili umechoka. Alifariki asubuhi, Kayitesi akiwa ameshika miguu yake na Ndahiro akiwa amekwenda kutafuta maji ya moto.

Nyumba ilikuwa imesimama. Matetemeko yote yaliyofuata, makubwa kwa madogo, na nyumba ilikuwa imesimama, nyeupe, haijadondosha hata jiwe.

Siku ya maziko mwili uliletwa nyumbani. Ndivyo inavyofanyika: marehemu huingizwa kwake, huwekwa sebuleni, watu wake humuaga, halafu ndipo anapelekwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamefika kutoka Goma na Kanzenze. Gari likasimama, jeneza likateremshwa, na wabebaji wakafika kwenye utepe wakasimama, wakamtazama Ndahiro. Kila mtu alimtazama Ndahiro. Kayitesi akamjia taratibu.

"Mjomba, ni sebule tu. Tunamuweka, tunaomba, tunamutoa. Hata dakika kumi."

Ndahiro alitazama sebule. Watu kumi, ishirini ndani, wanaimba, ukuta wa kona ukiwa na siri yake chini ya chokaa. Angekuwa na njano mlangoni, angeweza hata kuwaingiza wawili wawili. Mwenye mamlaka ya kubadilisha alikuwa mkaguzi baada ya kuangalia, na pale hapakuwa na cha kuangalia. Alifungua mdomo kusema ndiyo. Alisema baadaye kwamba neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Siwezi, mwanangu," akasema.

Kayitesi akawageukia wabebaji. Waliweka jeneza kwenye meza mbili nje ya utepe, chini ya ile shitingi iliyomuua, na mvua ya manyunyu ikawa inapiga juu yake wakati mchungaji anaomba. Wazee waliotoka Goma walisema kwa sauti ya chini kwamba hawajawahi kuona mwenye nyumba anaagwa nje ya mlango wake. Ndahiro aliwasikia. Alikuwa amesimama mbele yao.

Walipotoka makaburini, watu walinawa mikono, wakakaa chini ya turubai. Ndahiro hakukaa. Alikwenda kwenye pikipiki yake akachukua nyundo na patasi, akapita chini ya utepe, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya mbele. Gatesi akamwita kwa jina, hakugeuka. Kazi aliyowakataza watu wa mji mzima kuifanya, akaifanya yeye, bila nguzo, bila kofia, amevaa suti yake ya msibani. Akaanza kubandua plasta.

Alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka kuuona ule ufa kama ulivyokuwa siku ile. Ukiwa mpana, kuta zimeachana kweli, basi nyekundu ilikuwa nyekundu, na Yaya alikufa kwa sababu ya tetemeko kama wengine. Ukiwa mwembamba, basi ilikuwa njano, na aliyemweka nje ni yeye. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Chokaa ikadondoka, plasta ikadondoka kwa mapande. Akafika kwenye mawe.

Sima ilikuwa imejaa mpaka ndani. Waliisukuma kwa vidole, wakaishindilia kwa vijiti, wakapanua kwanza kingo za ufa kwa ncha ya mwiko ili ishike vizuri. Pale palipokuwa na ufa palikuwa na sima ngumu tu, pana hapa, nyembamba pale, na huwezi kujua upana upi ni wa tetemeko na upi ni wa mwiko. Akagonga juu, akagonga chini. Kote vilevile. Jiwe moja likalegea likamwangukia begani, akaendelea.

Kayitesi alikuwa amesogea mpaka kwenye utepe. Aliushika kama mama yake alivyokuwa akiushika.

"Kwa ajili ya ufa umeingia," alimwambia.

Ndahiro akasimama na nyundo mkononi. Bizumuremyi akaja akasimama karibu na Kayitesi, kofia ameikunja kifuani, macho mekundu. Alidhani fundi mwenzake anakagua kazi, na hakutaka dakika kama ile ipite bila Ndahiro kufarijiwa.

"Tuliijaza muzuri, shefu," akasema. "Tulisema siku Yaya atarudia mu nyumba, baridi isimufikie."

Ndahiro akatikisa kichwa kwamba ndiyo, imejazwa vizuri. Akaokota mapande ya plasta yaliyomwagikia mlangoni, akayasogeza pembeni ya ukuta kwa mguu. Kadi ilikuwa imelegea kona moja kwa kugongwagongwa. Akaibana tena kwa kidole gumba, akaishikilia mpaka ikashika, kisha akapita chini ya utepe akaenda kukaa na wengine.